Nyundo, doji na kimondo: mshumaa unaofuata unathibitisha nini, na kwa gharama gani

Nyundo ikijitokeza baada ya bei kushuka muda mrefu, mtu wa forex ana njia mbili: anunue hapo hapo mshumaa unapofunga, au asubiri mshumaa unaofuata ufunge kwanza. Wengi wamefundishwa kwamba kusubiri ndio usalama. Ni kweli, lakini somo huishia hapo, na sehemu iliyoachwa ndiyo inayokula akaunti. Kusubiri kunalipiwa. Kila pipsi soko linayopanda wakati unangoja uthibitisho inarefusha umbali wa kutoka unapoingia hadi ilipo stop losi, na pipsi hiyo hiyo inaondolewa kwenye faida iliyobaki mbele. Kwa hiyo swali la maana ni hili: uthibitisho huu unanigharimu kiasi gani, na je, unanirudishia kitu chenye thamani hiyo?

Kabla ya hesabu, tukubaliane kwanza tunaita nini nyundo, doji na kimondo, maana kwenye magrupu kila mshumaa wenye utambi mrefu hubatizwa jina.

Vipimo

Mshumaa una bei nne: ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya kufunga. Mwili ni umbali kati ya kufungua na kufunga. Tambi ni sehemu ambazo bei ilifika kisha ikaondoka. Usikadirie kwa macho, kwa sababu chati ukiivuta au kuibana mshumaa ule ule hubadilika sura. Kwenye MetaTrader 5 ya kompyuta bonyeza Ctrl+D, dirisha la Data Window litakuonyesha bei zote nne za mshumaa ulioweka kishale juu yake. Andika namba, toa, gawanya.

Nyundo ina mwili mdogo uliokaa theluthi ya juu ya mshumaa, utambi wa chini usiopungua mara mbili ya mwili, na utambi wa juu mfupi sana au haupo. Rangi ya mwili si sharti, ingawa nyundo iliyofunga juu ya ilipofungulia ina nguvu kidogo zaidi. Kimondo ni umbo hilo hilo lililopinduliwa, nalo hutafutwa juu, baada ya bei kupanda: mwili theluthi ya chini, utambi mrefu juu. Doji ni mshumaa ambao kufungua na kufunga vimekaribiana mno. Kipimo kinachotumika sana ni mwili usiozidi asilimia 5 hadi 10 ya urefu wote wa mshumaa.

Umbo peke yake halitoshi kuupa mshumaa jina. Umbo la nyundo likitokea kileleni mwa mpando huitwa mtu aliyenyongwa, na husomwa kinyume kabisa. Umbo la kimondo likitokea chini ya mshuko huitwa nyundo iliyopinduliwa. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kupima utambi ni hili: bei imetoka wapi?

Mwendo lazima uwepo ndipo uishe

Ishara ya mwisho wa mwendo haina kazi kama hakuna mwendo. Hapa ndipo ishara nyingi za bandia huzaliwa: soko limelala siku mbili likizunguka ndani ya pipsi 30, mara inatokea nyundo katikati ya zogo hilo, na mtu ananunua. Ndani ya soko lililolala, nyundo, doji na vimondo huota kama uyoga, na havisemi chochote.

Kipimo rahisi ni ATR ya mishumaa 14, yaani wastani wa umbali ambao mshumaa mmoja husafiri. Kama ATR ya H4, chati ya mishumaa ya saa nne nne, ni pipsi 30, na bei imeshuka pipsi 120 au zaidi bila kurudi juu kwa maana, hapo kuna mwendo wa kuzungumzia. Mara tatu au nne ya ATR ni kiwango cha kazi, si sheria ya soko, lakini kinachuja takataka nyingi. Halafu tazama mahali mwendo ulipofika. Nyundo iliyogusa shimo la wiki iliyopita, yaani bei ya chini kabisa ya wiki hiyo, au utambi wake ulichungulia chini ya shimo hilo kisha bei ikafunga juu yake, ina sababu ya kuwepo. Nyundo iliyoning'inia hewani, mbali na sapoti yoyote, mara nyingi ni wauzaji wanaochukua faida kidogo kabla ya kuendelea kushusha.

Utambi unaochungulia chini ya shimo la zamani una maelezo yake. Walionunua mapema walificha stop losi zao chini ya shimo lile. Bei inapovuka, stop hizo zinageuka oda za kuuza, na wanaongezeka wanaofukuzia mvunjiko. Kama mbele yao kuna mnunuzi mwenye mfuko mzito, anazimeza oda zote hizo na bei inarudi juu. Mshumaa ukifunga, aliyeuza chini kabisa tayari yuko kwenye hasara.

Mshumaa unaofuata unasema nini

Hebu tuwafuate wauzaji hao. Nyundo ilipofunga, wale waliouza ndani ya utambi wana hasara, lakini waliouza karibu na kilele cha mshumaa bado wako salama au sawa sawa. Mshumaa unaofuata ukifunga juu ya kilele cha nyundo, basi kila aliyeuza ndani ya nyundo, pipsi yoyote ile, yuko hasarani. Njia yao ya kutoka ni kununua. Hapo uthibitisho unapata nguvu: mauzo ya mshumaa mzima yamegeuka kuwa wateja wa kununua.

Hii ndiyo sababu neno lenye uzito ni kufunga. Bei kugusa juu ya kilele cha nyundo kisha kurudi haiwalazimishi wauzaji. Wamevumilia dakika chache tu na sasa wako salama tena. Mshumaa unaofuata ukiacha utambi juu ya kilele na kufunga chini yake, hakuna uthibitisho, na kwa kweli umeonyesha kwamba juu pale wapo wauzaji wapya.

Kuna uthibitisho hafifu pia: mshumaa unaofuata unafunga juu ya mwili wa nyundo lakini haujapita kilele chake. Nyundo ikiwa na utambi wa juu mfupi sana, tofauti kati ya hafifu na kamili ni pipsi mbili tatu, haina haja ya ubishi. Mshumaa unaofuata ukifunga chini ya shimo la nyundo, ishara imekufa. Na ukibaki wote ndani ya nyundo, bado hujajibiwa: mpe mshumaa mmoja au miwili zaidi. Ikipita mitatu bila kilele kuvunjwa, achana nayo, kwa sababu wauzaji walionaswa wameshapata muda wa kutosha kutoka kwa utulivu.

Hesabu ya EURUSD

Namba zifuatazo nimezipanga kwa ajili ya hesabu, ila ukubwa wake ni wa kawaida kwa EURUSD kwenye H4. Bei imeshuka kutoka 1.0920. Chini kuna shimo la zamani 1.0785. Juu kuna eneo la rizistansi linaloanzia 1.0890 kwenda juu. Inajitokeza nyundo: imefungua 1.0808, kilele 1.0818, shimo 1.0780, imefunga 1.0816.

Pima. Mshumaa mzima ni pipsi 38. Mwili ni pipsi 8, yaani karibu asilimia 21. Utambi wa juu pipsi 2, wa chini pipsi 28, ambao ni mara tatu na nusu ya mwili. Utambi umechungulia pipsi 5 chini ya shimo la zamani na bei ikafunga juu yake. Hii ni nyundo, na iko mahali pake.

Stop losi inakaa chini ya shimo la nyundo pamoja na nafasi kidogo, tuseme 1.0776. Lengo ni 1.0890. Kutoka stop hadi lengo ni pipsi 114, na namba hii haibadiliki hata uingie wapi. Kinachobadilika ni jinsi unavyozigawanya pipsi 114 kati ya hasara na faida.

Anayenunua nyundo inapofunga, na spredi ya pipsi 1, anaingia 1.0817. Anahatarisha pipsi 41 kupata 73. Ili asipate wala asipoteze kwa muda mrefu, anahitaji kushinda 41 kati ya 114, yaani takriban asilimia 36 ya biashara zake.

Anayesubiri anauona mshumaa wa pili ukipanda na kufunga 1.0829, pipsi 11 juu ya kilele cha nyundo. Uthibitisho mzuri kabisa. Anaingia 1.0830. Sasa anahatarisha pipsi 54 kupata 60, na anahitaji kushinda takriban asilimia 47. Kwa maneno mengine, kusubiri kumempandishia kiwango cha lazima kutoka asilimia 36 hadi 47. Kama uthibitisho haupandishi ushindi wake halisi kwa zaidi ya pointi hizo 11, amelipa zaidi ya alichopata. Na mshumaa wa pili ungefunga 1.0850, angekuwa anahatarisha pipsi 75 kupata 39. Mshumaa huo unapendeza machoni, lakini umeshakula sehemu kubwa ya safari. Uthibitisho mkubwa kupita kiasi ni sababu ya kuiacha biashara au kusubiri irudi.

Kati ya njia hizo mbili zipo nyingine mbili. Ya kwanza ni kuweka oda ya Buy Stop 1.0820, juu kidogo ya kilele. Hatari pipsi 44, faida 70, kiwango cha lazima kama asilimia 39. Ubaya wake umeshatajwa: oda inawaka kwa kuguswa tu, haingoji kufunga, hivyo utaingizwa pia na zile tambi zinazochungulia juu na kurudi. Ya pili ni kusubiri mshumaa wa pili ufunge juu ya kilele, kisha kuweka Buy Limit 1.0816, pale nyundo ilipofungia. Unapata uthibitisho kamili kwa bei ya aliyeingia mapema: hatari pipsi 40, faida 74. Lakini mara nyingi bei hairudi, na zile ambazo hazirudi ndizo zenye nguvu. Ukichagua njia hii, ukubali tangu mwanzo kwamba baadhi ya biashara bora utazitazama zikiondoka bila wewe. Wanaoharibu ni wale wanaoweka Buy Limit, wanaona bei inapaa, wanaifuta na kununua 1.0855 kwa hasira.

Kwa akaunti ndogo umbali wa stop una ukali wa ziada. Loti 0.01 ya EURUSD ni takriban senti 10 za dola kwa kila pipsi. Mwenye dola 500 anayehatarisha asilimia 1 ana dola 5 za kupoteza. Buy Stop ya pipsi 44 itamgharimu dola 4.40, inaingia. Kusubiri mshumaa ufunge kutamgharimu dola 5.40, na kwa kuwa kwa mabroka wengi hakuna loti ndogo kuliko 0.01, ama anavunja kanuni yake ama anaiacha. Kusogeza stop juu ya shimo la nyundo ili hesabu itoshe ni kujidanganya, kwa sababu bei inaruhusiwa kurudi ndani ya utambi bila ishara kufa.

Doji haina upande

Nyundo na kimondo tayari vina maoni: upande mmoja ulisukuma ukashindwa. Doji haina. Inasema tu kwamba kwa muda wa mshumaa huo mzani ulisawazika, na baada ya mshuko mrefu huo unaweza kuwa mwisho au pumzi. Kwa hiyo kuingia kabla ya mshumaa unaofuata, jambo lenye utetezi kwenye nyundo nzuri, kwenye doji halina utetezi.

Doji yenye tambi ndefu pande zote inahitaji uangalifu, kwa sababu kilele chake kiko mbali na bei ya kufunga. Chukua doji yenye urefu wa pipsi 40 iliyofunga katikati. Uthibitisho juu ya kilele unakuweka pipsi 40 na ushee kutoka shimo hata kabla ya kuongeza nafasi ya stop. Hapa ukikataa uthibitisho hafifu utaacha biashara nyingi. Ukiukubali, uukubali tu pale mshumaa wa pili una mwili mkubwa, uliofunga karibu na kilele chake wenyewe. Doji yenye utambi mrefu wa chini tu, isiyo na utambi wa juu, isomwe kama nyundo. Yenye utambi wa juu tu isomwe kama kimondo.

Kimondo na bei ambayo chati haionyeshi

Hesabu ya kimondo ni ile ile ikipinduliwa, isipokuwa jambo moja linalowaumiza wengi. Chati ya MetaTrader huchorwa kwa bei ya Bid, ile unayouzia. Ukiuza, unatoka kwa kununua, na unanunua kwa Ask. Kwa hiyo stop losi ya biashara ya kuuza huguswa na Ask, ambayo iko juu ya chati kwa ukubwa wa spredi. Stop uliyoweka pipsi 3 juu ya kilele cha kimondo, spredi ikiwa 4, italiwa hata kama chati haijafika pale, na mtu ataanza kumtuhumu broka. Ongeza spredi juu ya nafasi yako ya kawaida kila unapouza, hasa ikiwa biashara italala hadi saa ya kubadilisha siku, ambapo spredi hupanuka.

Mfano halisi wa kimondo chenye sifa kubwa ni dhahabu ya Jumatatu, 4 Desemba 2023. Soko lilipofunguka Asia bei ilirushwa hadi juu ya dola 2,130 kwa wakia, rekodi kwa wakati huo, kisha ikamwagika na siku ikafunga karibu dola 2,030. Wengi walikiita kimondo. Kwa kipimo kikali hakikutimia, kwani mwili wenyewe ulikuwa mkubwa, dola 40 na zaidi, na utambi haukufika mara mbili yake. Lakini ujumbe ulikuwa ule ule, na siku iliyofuata ilifunga chini kidogo zaidi. Uthibitisho ukapatikana.

Sasa piga hesabu. Aliyeuza karibu 2,030 na kuweka stop juu ya kilele alikuwa anahatarisha zaidi ya dola 100 kwa wakia. Bei ilishuka hadi takriban 1,973 tarehe 13 Desemba, siku ya mkutano wa benki kuu ya Marekani, kisha ikageuka, na kabla mwaka haujaisha ikawa imerudi juu ya 2,070. Yaani ishara ilikuwa sahihi, uthibitisho ulikuwa sahihi, na faida kubwa kabisa iliyokuwepo mezani ilikuwa kama dola 57 dhidi ya hatari ya 100 na zaidi. Mishumaa hii husema mwendo umechoka. Haisemi mwendo wa kinyume utafika wapi, na kimondo kikiwa kirefu mno, stop yenyewe hula nafasi yote.

Mshumaa wako unafunga saa ngapi?

Forex haina soko moja lenye kengele moja. Mshumaa wa H4 au wa siku, yaani D1, unakatwa kwa saa ya sava ya broka, na mabroka hawafanani. Rudi kwenye nyundo yetu ya EURUSD. Tuseme saa mbili za mwanzo bei ilianguka kutoka 1.0808 hadi karibu 1.0780, na saa mbili za mwisho ikapanda hadi 1.0816. Broka ambaye sava yake imepishana na hii kwa saa mbili ataikata pale chini kabisa: wateja wake wataona mshumaa mrefu wa kushuka, kisha mrefu wa kupanda. Nyundo haipo. Soko ni lile lile, oda ni zile zile. Mtu akikutumia picha ya nyundo ya H4 ambayo kwako haionekani, linganisha saa za sava kabla ya kubishana.

Sava nyingi hufuata GMT+2 majira ya baridi na GMT+3 majira ya joto, ili mshumaa wa siku ufunge pamoja na saa 11 jioni ya New York. Kwa Dar es Salaam na Nairobi hiyo ni saa 6 usiku wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 7 usiku wakati wa baridi yao. Mishumaa ya H4 basi, majira ya joto, hufunga saa 10 alfajiri, saa 2 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni, saa 2 usiku na saa 6 usiku. Nyundo inayoonekana saa 3 na nusu asubuhi bado ina saa mbili na nusu za kubadilika, na nyingi hubadilika.

Sava zinazotumia GMT tupu zina kasoro yake: Jumapili usiku soko linapofunguka, saa mbili au tatu za mwanzo hukatwa kuwa mshumaa kamili wa D1. Ni mshumaa mfupi, oda ni chache, mwili karibu hakuna. Mara nyingi unafanana na doji, na ukitokea baada ya Ijumaa ya mshuko mkali unaonekana kama ishara ya kugeuka. Hesabu mishumaa ya D1 katika wiki moja kwenye chati yako. Ikiwa ni sita badala ya mitano, doji zote za Jumapili ziruke, na Jumatatu isomwe moja kwa moja dhidi ya Ijumaa.